Barua tatu za baada ya ofa kufungwa: kozi ya utunzaji wa hesabu za biashara

Kwa waliolipa, Jumatatu asubuhi
Asante, nafasi yako imethibitishwa

Ndugu mwanafunzi,

Ninakushukuru kwa dhati kwa kujiunga na kozi kabla ofa haijafungwa jana, Jumapili, saa sita usiku. Bei uliyolipa imekwisha muda wake na sitairudisha kwa mlango wa nyuma, kwa sababu uliamua kwa wakati na uamuzi wako unastahili kuheshimiwa.

Masomo yote yamo kwenye akaunti yako. Anza na lile la kutenganisha fedha za biashara na za nyumbani, hata kama unaona unalifahamu, kwani daftari linalochanganya hayo mawili haliwezi kukuonyesha faida wala hasara ya kweli. Ukikwama, jibu barua hii. Majibu hunifikia mimi mwenyewe.

Kwa ambao hawakununua, Jumatatu jioni
Ofa imefungwa, kozi bado ipo

Ndugu msomaji,

Punguzo la asilimia 30 lilikoma jana saa sita usiku kama nilivyotangaza, na sitaliongezea muda. Wapo waliojipanga kwa taabu ili walipe kabla ya saa hiyo, na nikiongeza hata siku moja nitakuwa nimewaambia kwamba haraka yao ilikuwa ya bure.

Hata hivyo, unaweza kujiunga leo kwa bei ya kawaida, na ukijiandikisha kabla ya Jumatano saa kumi na mbili jioni utaruhusiwa kuilipa kwa awamu tatu, moja kila mwezi. Jumla ni ileile. Kinachopungua ni mzigo wa mwanzo. Kama huu si wakati wako, huhitaji kufanya lolote, nami nitaendelea kukutumia makala ya kila wiki kama kawaida.

Kwa ambao malipo yao yalikwama, Jumanne asubuhi
Oda yako inakusubiri hadi leo saa mbili usiku

Ndugu mteja,

Kumbukumbu za mfumo zinaonyesha kwamba ulianza kulipa Jumapili kabla ya saa sita usiku, lakini muamala haukukamilika. Kwa kuwa ulifika ndani ya muda, nimekuhifadhia bei ya ofa hadi leo saa mbili usiku. Kitufe cha «Kamilisha oda yangu» kilicho chini ya barua hii ni cha oda yako peke yake, na kitajifunga chenyewe saa hiyo.

Kabla hujakibonyeza, tafadhali hakikisha kwamba fedha hazijakatwa. Ikiwa zimekatwa, usilipe mara ya pili. Nitumie namba ya muamala ili niuhakiki na kukufungulia masomo. Baada ya saa mbili usiku oda itafutwa, na utakachoweza kutumia ni bei ya kawaida, ambayo mpango wake wa awamu utakuwa wazi hadi kesho jioni.