Swali la 3: Kinu cha mpunga na madeni ya Disemba (alama 20)

Haya jamani, hili lifanyeni kwa dakika 36, kalkuleta ruksa, kodi achaneni nayo. Someni maelezo yote kwanza ndio mshike kalamu, maana kuna kitu kimoja humu hakitakiwi kuingizwa kabisa na kingine kinaongeza faida badala ya kuipunguza.

Mama mmoja ana kinu cha kukoboa mpunga Ifakara, mwaka wake wa hesabu unaishia 31 Disemba. Karani wake kafunga vitabu vya 2024 akapata faida ya shilingi 9,480,000, ila alichofanya ni kuandika pesa iliyotoka tu, hajagusa marekebisho hata moja. Kwenye urari wake kuna mishahara 13,104,000, umeme 6,150,000, riba ya mkopo 450,000, na malimbikizo ya umeme 395,000 upande wa krediti.

Ukichimba unakuta haya:

(i) Vibarua wanalipwa kila Jumamosi kwa kazi ya Jumatatu mpaka Jumamosi, jumla 252,000 kwa wiki, kila siku sawa. 31 Disemba 2024 ilikuwa Jumanne na malipo ya wiki hiyo yametoka Jumamosi ya tarehe 4 Januari 2025.

(ii) Mita ya kinu ni ya bili, sio luku. Bili ya matumizi ya Disemba, 518,000, imeletwa tarehe 9 Januari 2025.

(iii) Ile 395,000 ni bili ya Disemba 2023, ililipwa Januari 2024, karani akaidebiti kwenye umeme wa mwaka huu na lile deni la zamani akaliacha limekaa tu vitabuni kama bado linadaiwa.

(iv) Tarehe 1 Septemba 2024 mama alikopa sakosi 12,000,000 kwa riba ya 15% kwa mwaka, riba inalipwa kila baada ya miezi mitatu, mkopo wenyewe haujaanza kurejeshwa. Riba ya kwanza imelipwa 30 Novemba.

(v) Tarehe 29 Disemba alimpigia fundi aje abadilishe mkanda wa mashine, fundi akaja na mkanda wake tarehe 3 Januari 2025, kazi na mkanda 230,000.

Unatakiwa:
(a) Andika maingizo ya marekebisho pamoja na maelezo mafupi ya kila moja. (alama 8)
(b) Onyesha mishahara na umeme wa kupeleka kwenye taarifa ya faida na hasara. (alama 4)
(c) Tafuta faida sahihi ya 2024. (alama 4)
(d) Mama anasema "hela sijatoa, sasa faida yangu inapunguaje?" Mjibu, na umwambie 2025 itakuwaje kama malimbikizo ya mwisho wa mwaka yasingeingizwa. (alama 4)

MAJIBU (usichungulie kabla hujamaliza)

(a)
Debiti Mishahara 84,000
Krediti Malimbikizo ya mishahara 84,000
Siku mbili, Jumatatu na Jumanne, 252,000 ÷ 6 × 2.

Debiti Umeme 518,000
Krediti Malimbikizo ya umeme 518,000
Bili ya Disemba 2024, umeme umeshatumika hata kama karatasi imekuja Januari.

Debiti Malimbikizo ya umeme 395,000
Krediti Umeme 395,000
Kufuta deni la 2023 lililokwisha lipwa.

Debiti Riba 150,000
Krediti Malimbikizo ya riba 150,000
12,000,000 × 15% × 1/12, mwezi wa Disemba tu.

Fundi hana ingizo. Kupiga simu sio kupata huduma, kazi imefanyika Januari kwahiyo ni gharama ya 2025. Ukiiweka hapa unapoteza alama hata kama hesabu zako nyingine zote ziko sawa.

(b) Mishahara 13,104,000 + 84,000 = 13,188,000. Umeme 6,150,000 + 518,000 − 395,000 = 6,273,000, ambazo ndio bili 12 za 2024, Januari mpaka Disemba.

(c)
Faida ya karani 9,480,000
Toa mishahara 84,000
Toa umeme wa Disemba 518,000
Toa riba 150,000
Jumlisha umeme wa 2023 395,000
Faida sahihi 9,123,000

(d) Mama, vibarua wameshakoboa, umeme umeshawaka na mkopo umeshakaa mwezi mzima, mpunga uliokobolewa siku hizo mapato yake umeyahesabu 2024, basi na gharama zake zikae humo humo. Hela yako ya benki na ya mkononi haijaguswa, kilichoongezeka ni madeni ya muda mfupi, 752,000 kwenye mizania. Ukiziacha nje, faida ya 2024 inavimba kwa 752,000, halafu ukilipa mwakani hiyo hiyo 752,000 inaikata faida ya 2025 bila kosa lake, kama karani alivyofanya kwenye ile 395,000.

Ukiandika "faida inapungua kwa sababu hela imetoka", (d) yote ni sifuri.