Maziwa yanayorudishwa yashuka hadi asilimia 1.8: hongera timu ya ukusanyaji

Desemba vituo vyetu vitano vya Rungwe vilipokea lita 148,200, na 9,930 zikarudishwa kwa wafugaji, sawa na asilimia 6.7. Machi zimepokelewa lita 161,400 na zilizorudishwa ni 2,905 tu, asilimia 1.8. Kwa kiwango cha Desemba, wafugaji wangeondoka na lita nyingine 7,900 hivi zisizo na mnunuzi. Kwa bei yetu ya shilingi 1,000 kwa lita, hizo ni karibu milioni 7.9 mifukoni mwao. Na asije mtu akasema ni hali ya hewa. Aliyepita barabara ya Lwangwa mwezi wa tatu anajua matope yalivyokuwa.

Wengi wamempongeza meneja wa ukusanyaji. Yeye mwenyewe ameomba iandikwe kwamba wazo halikuwa lake. Lilianzia kwa dada Tumpe, mpokeaji wa kituo cha Isongole, aliyekuwa akiandika pembeni ya daftari kila maziwa yalipoganda kwenye kipimo cha spiriti: ya nani, yamekuja na chombo gani, ya jioni au ya asubuhi. Baada ya wiki tatu daftari likasema lenyewe. Mengi yaliyoganda yalikuwa ya jioni yaliyomiminwa pamoja na ya asubuhi, tena kwenye madumu ya plastiki ambayo mkono hauingii kusugua chini.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Maafisa ugani wawili, Lusajo na Subilaga, walizunguka kwa wafugaji 412 kuwaeleza watenganishe maziwa ya jioni na kuyaweka kwenye maji baridi hadi asubuhi. Mhasibu alitafuta namna ya kukopesha makeni 260 ya aluminiamu na kukata kidogo kidogo kwenye malipo. Vijana wa bodaboda walikubali kutoka saa 11 alfajiri badala ya saa 12 na nusu, na hili tusilipite haraka: asubuhi ya Isongole kwa baridi ile si mchezo. Wafugaji nao ndio walioamka mapema zaidi ya wote.

Lwangwa bado iko asilimia 4.6. Si uzembe wa waliopo pale. Tangi la kupoozea lilikaa siku 9 bila kufanya kazi, na fundi Ambakisye alilala kituoni siku mbili hadi likawaka. Kompresa mpya imeshaagizwa.

Menejimenti imetoa bonasi ya shilingi 1,380,000. Timu imeamua igawanywe sawa kwa watu 23, waendesha bodaboda na vibarua wa kuosha makeni wakiwemo, yaani 60,000 kila mmoja. Orodha imebandikwa ofisini Tukuyu. Ambaye jina lake limerukwa amwone mhasibu kabla ya Ijumaa.