Salamu za Wafanyakazi Wenzake Mama Neema

Baba Neema, watoto, ndugu na majirani, poleni sana.

Vyeo vya Mama Neema mmevisikia kwenye wasifu, sitavirudia. Sisi wa ofisi ya uhasibu tulimjua kwa mengine. Alifika kabla yetu sote, akamsalimu mlinzi kwa jina na kumuuliza usiku ulikwendaje. Chupa yake ya chai ya tangawizi ilikuwa yetu sote. Jumatatu, akitoka kwao Muheza, alikuja na kikapu cha machungwa, akayamenya mwenyewe na kumwekea kila mmoja mezani. Mtu akileta fomu iliyokosewa, hakumrudisha. Alimvutia kiti wakaijaza upya pamoja, hata kama saa ya kufunga imepita. Na akipiga hesabu aliimba tenzi kwa sauti ya chini, hasa hesabu zilipokataa kulingana.

Alhamisi ile alituaga kama kawaida: “Tuonane kesho, wanangu.” Alfajiri tukapigiwa simu. Mpaka leo hatujazoea.

Neema, mama yako alitusimulia habari zako kila siku. Tunakufahamu, mwanetu. Ofisini kwetu ni kwako, njoo wakati wowote.