Yah: Gari langu kuwekewa oili ya 20W-50 badala ya 0W-20

16 Juni 2025

Kwa Msimamizi wa Gereji,

Ndugu Msimamizi, salaam.

Jumanne ya tarehe 10 Juni nilileta gari langu kwenu kwa sevisi ya kawaida, likiwa limetembea kilomita 84,310. Kadi ya kazi ni namba 2218. Breki mlizifanyia kazi nzuri, na ile kelele ya gurudumu la nyuma imekwisha kabisa. Nashukuru kwa hilo. Tatizo langu ni oili ya injini.

Asubuhi ya pili baada ya sevisi niliwasha gari, nikasikia mlio wa tik-tik-tik juu ya injini. Ulidumu sekunde nne au tano, kisha ukanyamaza. Kesho yake ukarudi vilevile. Gari hili sijawahi kulisikia likifanya hivyo, basi nikaitoa risiti na kuisoma vizuri, jambo ambalo nakiri nilipaswa kulifanya palepale kaunta. Imeandikwa: oili ya injini 20W-50, lita 4. Nikafungua boneti. Juu ya kifuniko cha kujazia oili pameandikwa 0W-20, maandishi makubwa tu, na fundi lazima alikishika kifuniko hicho mkononi wakati anajaza.

Kitabu cha gari nacho kinasema 0W-20. Kinaruhusu 5W-30 pale tu 0W-20 inapokosekana, tena kwa sharti kwamba sevisi inayofuata irudishwe 0W-20. 20W-50 haimo kabisa.

Ijumaa nilipita hapo na kuzungumza na fundi aliyeifanya kazi. Alinijibu kwa upole kwamba gari likishazeeka linataka oili nzito, hasa kwenye joto. Namheshimu kwa uzoefu wake, ila kwa gari hili sikubaliani naye. Oili nzito huwa tunaikimbilia injini ikianza kula oili au kutoa moshi. Hili halili: kati ya sevisi na sevisi oili kwenye kijiti haishuki hata nusu ya alama. Na joto la nje si hoja kubwa, kwa sababu injini ikishachemka, thamostati ndiyo inayolishika joto lake. Wakati huo kinachohesabika ni ile namba ya mwisho, na 50 ni nzito mno kuliko 20 iliyokusudiwa na waliounda injini hii. Vijia vya oili ni vyembamba, na mfumo wa kubadili muda wa valvu unaendeshwa na presha ya oili hiyohiyo. Asubuhi, injini ikiwa baridi, oili ya 20W inachelewa kupanda juu. Kwa maoni yangu, ule mlio ndio huo.

Kwa hiyo naomba mlirekebishe kosa hili kabla ya Jumamosi, tarehe 21 Juni, bila kunitoza. Oili iliyomo imwagwe yote injini ikiwa ya moto, na filta iwekwe mpya, maana iliyopo imejaa oili hiyohiyo. Washa ya nati ya kumwagia nayo ibadilishwe. Kisha iwekwe 0W-20 kutoka kwenye dumu litakalofunguliwa mbele yangu, ipimwe kwa kijiti, na injini isikilizwe ikiwaka kutoka baridi. Nitaliacha gari kwenu usiku mmoja ili hilo liwezekane. Tafadhali, mtu asije akasuuza injini kwa dizeli au mafuta ya taa. Najua wapo wanaofanya hivyo, mimi sitaki.

Kama 0W-20 hamnayo stoo, niambieni mapema niinunue mwenyewe, nanyi mnirudishie gharama yake kwa risiti. Sidai nirudishiwe fedha za sevisi nzima.

Naomba pia kadi namba 2218 isahihishwe kwa maandishi: ionyeshe iliwekwa oili gani, ikatolewa lini, na ikawekwa ipi. Kile kibandiko mlichobandika kwenye kioo kibadilishwe, maana nacho kinasema 20W-50, na fundi mwingine atakayekisoma atarudia kosa lilelile. Rekodi hiyo naihitaji pia endapo mlio hautakwisha hata baada ya kubadilisha oili. Hapo tutalazimika kukaa tena na kuzungumza.

Tangu sevisi nimetembea kilomita 140 tu, na kuanzia leo gari nimeliegesha. Nimeambatanisha nakala ya risiti, picha ya kifuniko cha oili na picha ya ukurasa wa kitabu cha gari. Namba yangu ya simu ipo kwenye kadi. Nipigieni mseme siku gani nililete, ila isiwe Alhamisi asubuhi.

Wenu,
Mwenye gari, kadi ya kazi namba 2218