Tafsiri ya Vibandiko vya Usalama Mashineni: Picha 5 za Karakana

Kwa Msimamizi wa Karakana ya Useremala, Keko, Dar es Salaam.

Hii ni tafsiri ya vibandiko vya Kiingereza ulivyovipiga picha. Tafadhali ichapwe kwa herufi kubwa na kubandikwa kando ya vibandiko vya asili, ambavyo visibanduliwe.

Picha ya 1, paneli ya umeme, utepe mwekundu: «HATARI. Volti 400. Ukigusa utakufa au utajeruhiwa vibaya. Zima swichi kuu na uifunge kwa kufuli kabla ya kufungua mlango.» Kibandiko kinasema «utakufa», wala si «unaweza kufa», na hiyo ndiyo maana ya utepe mwekundu. Ufunguo wa kufuli hilo akae nao fundi anayefanya kazi ndani ya paneli, asimwachie mtu mwingine.

Picha ya 2, msumeno wa mezani, utepe wa rangi ya chungwa: «ONYO. Msumeno unaozunguka unaweza kukata vidole au mkono. Usitumie mashine bila kinga yake. Usivae glavu. Chomoa plagi kabla ya kubadilisha msumeno.» Katazo la glavu huwashangaza wengi, lakini msumeno ukinasa kitambaa huuvuta mkono wote kabla mtu hajaweza kuuondoa. Ubao mwembamba usukumwe kwa kijiti. Utepe huu umepauka kwa jua hata unaonekana wa njano, na nimeutambua kwa neno lake tu, ambalo huanza kwa W, ilhali la njano huanza kwa C na la nyekundu kwa D. Onyo nalo laweza kuua. Tofauti yake na hatari ni kwamba kifo hakisemwi kuwa ni hakika.

Picha ya 3, kompresa, utepe wa njano: «TAHADHARI. Sehemu hii ina joto kali. Usiiguse mpaka ipoe.» Utepe wa njano wenye neno hilo huashiria jeraha dogo au la wastani.

Picha ya 4, mashine ya kulehemu, haina utepe wala neno, ila pembetatu ya njano yenye alama ya radi. Hapa msidanganyike. Katika mfumo wa alama za kimataifa pembetatu ya njano hutumika kwa kila aina ya hatari, hata ile inayoua, kwa hiyo njano yake haimaanishi kwamba jambo ni dogo. Mashine ichomolewe kabla ya kufunguliwa, kisha isubiriwe kwa muda ulioandikwa kwenye kitabu chake, kwa sababu kapasita hubaki na umeme.

Picha ya 5, grinda: duara la buluu lenye miwani maana yake ni «Lazima uvae miwani ya kinga.»

Naona pia mmeandika HATARI kwa chaki kwenye kila mashine, hata kwenye kompresa. Naomba maneno hayo yafutwe, ili neno hilo libaki kwenye paneli ya umeme peke yake.