Kurekebisha jina kwenye tiketi, buking K7QX2M (Dar es Salaam – Muscat)

Habari za kazi,

Naandika kwa niaba ya mama yangu mzazi, anasafiri Alhamisi tarehe 12 Novemba 2026 kutoka Dar kwenda Muscat, na kurudi tarehe 10 Desemba. Tiketi tulikata kwa ajenti Kariakoo na ilipotumwa jina limekosewa, herufi mbili zimepishana:

Kwenye tiketi: HAMADI/MWANAIHSA MRS
Sahihi: HAMADI/MWANAISHA MRS

Ajenti tulimpa pasipoti mkononi kabisa, tumemrudia anasema tiketi ikishatoka yeye hawezi kuigusa, ndo maana nakuja kwenu moja kwa moja.

Kopi ya pasipoti nimeambatanisha hapa, ukurasa wa picha wote, hadi ile mistari miwili ya chini inasomeka vizuri (P<TZAHAMADI<<MWANAISHA). Msafiri ni yule yule, sio kwamba tunampa mtu mwingine tiketi, na viza yake ya Oman ina jina sahihi kama la pasipoti.

Naomba mrekebishe safari zote mbili, kwenda na kurudi, halafu mnitumie tiketi mpya kwa imeili hii. Kama kuna chaji niambieni kabla ya kukata. Mama ni mtu mzima, anasafiri peke yake na tumemuombea wiltchea, jamani sitaki kabisa azuiwe kaunta kwa ajili ya herufi mbili na mimi nimebaki nje ya geti.

Asanteni sana, nasubiri jibu lenu.

Salimu Hamadi
(mtoto wake, namba ya simu ni ile iliyopo kwenye buking)