Dawa za statini za kushusha kolesteroli: kusahau, saa ya kumeza na kuacha

Nilisahau atovastatini ya miligramu 20 saa 3 usiku. Sasa ni saa 2 asubuhi. Nimeze?
Ndiyo, moja tu. Zikishapita zaidi ya saa 12, ruka, usubiri zamu inayofuata. Usimeze mbili pamoja.

Asubuhi au jioni?
Atovastatini na rosuvastatini hukaa mwilini muda mrefu, basi saa yoyote usiyoisahau. Simvastatini huisha haraka, na ini hutengeneza kolesteroli zaidi usiku; hiyo imeze jioni.

Vipimo vya kolesteroli vimeshuka. Niache?
Vimeshuka kwa sababu ya dawa. Ukiacha, kolesteroli hupanda tena ndani ya wiki chache, kimyakimya, na hatari ya kiharusi hurudi. Misuli ikiuma sana au mkojo ukiwa mweusi, muone daktari siku hiyohiyo.